Sabuni Iliyolala Kiwandani

Asubuhi ya tarehe 1 Mei, mhasibu wa kiwanda cha sabuni anapoingia idara ya kuchemshia, matangi hayamsubiri yakiwa matupu. Ndani yake kuna sabuni iliyolala. Mafuta ya mawese na kostiki yalitiwa siku za mwisho za Aprili, moto ukawashwa, mchanganyiko ukaanza kushikana, kisha usiku wa tarehe 30 ukaingia na daftari la mwezi likafungwa. Uchemshaji wa sabuni kwenye tangi huchukua siku kadhaa, kwa sababu baada ya kuchemka lazima itiwe chumvi ili ijitenge na maji, ioshwe, kisha iachwe itulie. Kalenda haisubiri hayo yote.

Sabuni hiyo ni ya mwezi gani? Imeanza Aprili kwa bei ya mafuta ya Aprili, na itamalizika Mei kwa mishahara na umeme wa Mei. Njia mbili tunazofundishwa, ile ya FIFO, yaani cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka, na ile ya wastani wa uzani, ni majibu mawili ya swali hilo moja. Pasipo sabuni iliyolala, swali halipo na majibu ni yaleyale. Kwa hiyo anayetaka kuzielewa njia hizi aanze na yale matangi ya usiku wa tarehe 30, ajue yalikuwa na nini na yalikwishagharimu kiasi gani. Kanuni za kukariri zitafuata zenyewe.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na nakuomba uchukue kalamu tuhesabu pamoja. Takwimu nimezipanga mwenyewe ili zigawanyike vizuri, lakini hali yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2022 Indonesia ilizuia usafirishaji wa mafuta ya mawese kuanzia tarehe 28 Aprili, ikaondoa zuio hilo tarehe 23 Mei. Bei ilikuwa juu kabla ya hapo, na baadaye mwaka huohuo ikashuka sana. Viwanda vya sabuni vya ukanda wetu, ambavyo hutegemea kwa sehemu kubwa mawese yanayoletwa kwa meli kutoka Indonesia na Malaysia, vilipita miezi ambayo mafuta ya mwezi mmoja hayakufanana kabisa kwa bei na ya mwezi uliofuata. Miezi ya namna hiyo ndiyo inayozitenganisha njia hizi mbili.

Tuseme matangi yalilala na kilo 5,000. Kilo tunazohesabu ni za sabuni inayotarajiwa kutoka, si uzito wa mafuta wala wa maji ndani ya tangi, kwa sababu uzito huo hubadilika njiani. Malighafi yote ilikwishatiwa, kwa hiyo upande wa malighafi kilo hizo zimekamilika. Upande wa uchakataji, yaani mishahara, umeme, kuni au mvuke, na gharama nyingine za jumla za kiwanda, zimefika asilimia 40 tu. Vitabu vya Aprili vinaonyesha zimebeba malighafi ya shilingi 10,000,000 na uchakataji wa shilingi 980,000. Salio la mwanzo basi ni shilingi 10,980,000.

Mwezi wa Mei ukaanzisha kilo 20,000 nyingine. Malighafi yake iligharimu shilingi 50,000,000, na uchakataji wa mwezi mzima shilingi 12,000,000. Mwisho wa mwezi kilo 21,000 zimekamilika na kuhamia idara ya kukata miche, na kilo 4,000 zimelala tena, malighafi ikiwa yote ndani lakini uchakataji ukiwa umefika asilimia 25. Jumla ya fedha tunayotakiwa kuieleza ni shilingi 72,980,000. Njia zote mbili zinaanzia kwenye fedha hiyohiyo na lazima ziimalize yote. Hakuna njia inayozalisha shilingi wala inayopoteza shilingi. Kinachobadilika ni mgawanyo kati ya sabuni iliyotoka na sabuni iliyobaki.

Kabla ya kugawa, tunahitaji kilo linganifu. Kilo 4,000 zilizofika asilimia 25 ya uchakataji zimekula kazi inayolingana na kilo 1,000 zilizomalizwa kabisa. Ndiyo maana yake yote: tunabadilisha kazi nusunusu kuwa kazi kamili ili tuweze kuigawia fedha.

Njia ya wastani inaanza hivi. Inasema sabuni iliyolala na sabuni mpya zimechanganyika tangini, basi na gharama zake zichanganywe. Haiulizi Aprili ilifanya nini na Mei imefanya nini. Upande wa malighafi kuna kilo 21,000 zilizotoka na 4,000 zilizobaki, jumla 25,000. Fedha ni 10,000,000 za zamani na 50,000,000 mpya, jumla 60,000,000. Kila kilo inapata shilingi 2,400. Upande wa uchakataji kuna 21,000 zilizotoka na 1,000 linganifu zilizobaki, jumla 22,000. Fedha ni 980,000 na 12,000,000, jumla 12,980,000, na kila kilo inapata shilingi 590. Sabuni iliyokamilika basi ni shilingi 2,990 kwa kilo, na kilo 21,000 zinaondoka na shilingi 62,790,000. Zilizolala zinabaki na malighafi ya 9,600,000 na uchakataji wa 590,000, jumla 10,190,000. Jumlisha mafungu hayo mawili, utarudi kwenye 72,980,000.

Njia ya FIFO haichanganyi. Inasema kazi ya Aprili ilikwishafanyika na fedha yake inajulikana, basi iachwe kama ilivyo. Kinachopimwa ni kazi ya Mei peke yake. Kwa malighafi, Mei haikuongeza chochote kwenye zile kilo 5,000. Ilitia malighafi kwenye kilo 20,000 tu, kwa hiyo shilingi 50,000,000 zinagawanywa kwa 20,000 na tunapata 2,500. Kwa uchakataji, Mei ilimalizia asilimia 60 iliyobaki ya zile kilo 5,000, ambayo ni kilo linganifu 3,000. Ikaanza na kumaliza kilo 16,000. Ikafanya robo ya kazi kwenye kilo 4,000 za mwisho, ambayo ni 1,000. Jumla ni 20,000, na shilingi 12,000,000 zikigawanywa zinatoa 600. Kilo iliyoanza na kumalizika ndani ya Mei imegharimu shilingi 3,100.

Sasa fedha zinaondoka kwa zamu. Sabuni iliyolala inatoka kwanza ikiwa na shilingi 10,980,000 ilizokuja nazo, pamoja na shilingi 1,800,000 za kumaliziwa, jumla 12,780,000. Zinafuata kilo 16,000 za Mei kwa shilingi 3,100 kila moja, yaani 49,600,000. Zote pamoja zimeondoka na 62,380,000. Zilizobaki zina malighafi ya 10,000,000 na uchakataji wa 600,000, jumla 10,600,000. Jumla kuu ni ileile, 72,980,000.

Weka majibu hayo ubavu kwa ubavu. Sabuni iliyotoka ina 62,790,000 kwa wastani na 62,380,000 kwa FIFO. Sabuni iliyobaki ina 10,190,000 kwa wastani na 10,600,000 kwa FIFO. Tofauti ni shilingi 410,000, ileile pande zote mbili, kwa kuwa kilichopungua huku ndicho kilichoongezeka kule.

Hapa ndipo wanafunzi wengi, na wahasibu wasio wachache, hushangaa. Gharama ya kilo ni 2,990 kwa wastani na 3,100 kwa FIFO, tofauti ya shilingi 110. Kilo zilizotoka ni 21,000. Kwa nini basi tofauti isiwe zaidi ya milioni mbili, tena FIFO ikiwa ndiyo kubwa? Badala yake ni laki nne na elfu kumi tu, na FIFO ndiyo ndogo kwenye sabuni iliyotoka. Sababu ni kwamba ile 3,100 si gharama ya kila kilo iliyotoka. Ni ya kilo 16,000 zilizoanzia Mei. Zile 5,000 zilizolala zimetoka kwa shilingi 2,556 tu kila moja, kwa sababu mafuta yake yalinunuliwa kabla bei haijapanda. Ukizichanganya zote unapata takriban shilingi 2,970 na senti 48 kwa kilo, chini ya ile 2,990 ya wastani.

Nakumbuka mwanzo wangu wa kazi ya gharama. Nilitoa ripoti ya FIFO ambayo sabuni yote iliyotoka nilikuwa nimeizidisha kwa kiwango cha mwezi. Kwa takwimu za mfano wetu, ni sawa na kuzidisha 21,000 kwa 3,100 na kupata 65,100,000. Ukiongeza zile 10,600,000 za mwisho unafika 75,700,000, ilhali fedha zilizokuwapo ni 72,980,000. Ziada ya shilingi 2,720,000 imetoka hewani. Mzee aliyenisimamia hakuniambia kosa liko wapi. Aliniambia nigawanye ile ziada kwa kilo za mwanzo. Ukifanya hivyo hapa, 2,720,000 kwa 5,000, unapata 544, ambayo ni pengo kati ya 3,100 na 2,556. Ziada inayogawanyika sawasawa kwa kilo zilizolala inakuonyesha kwamba umeisahau bei yake ya zamani. Tangu siku hiyo kipimo hicho sijakiacha.

Turudi kwenye zile 410,000, kwa sababu ndani yake mna jambo linaloeleza tofauti yote ya njia hizi. Kila kilo ya mwisho imebeba malighafi ya 2,500 kwa FIFO na 2,400 kwa wastani. Pengo ni 100, na kilo ni 4,000, hiyo ni 400,000. Kwa uchakataji pengo ni 10, na kilo linganifu ni 1,000, hiyo ni 10,000. Ndizo 410,000 zetu. Lakini lile pengo la shilingi 100 limetoka wapi? Bei ya malighafi ilipanda kutoka 2,000 hadi 2,500, yaani kwa shilingi 500. Kilo za mwanzo ni 5,000 kati ya 25,000, sehemu moja ya tano. Moja ya tano ya 500 ni 100. Wastani umevutwa nyuma na sabuni ya zamani kwa kadiri ya fungu la sabuni hiyo, si zaidi na si pungufu. Kwa uchakataji kiwango kilipanda kwa 110, na kilo linganifu za mwanzo ni 2,000 kati ya 22,000, sehemu moja ya kumi na moja, ndiyo maana pengo ni 10.

Kwa hiyo tofauti ya salio la mwisho ni kilo linganifu za mwisho, mara fungu la sabuni ya mwanzo, mara badiliko la kiwango. Ukitumia Ekseli, weka kilo linganifu za mwanzo kwenye B1, jumla ya kilo linganifu za njia ya wastani kwenye B2, kilo linganifu za mwisho kwenye B3, kiwango cha zamani kwenye B4 na kiwango cha mwezi huu kwenye B5, kisha andika:

```
=B3*B1/B2*(B5-B4)
```

Ifanye mara mbili, ya malighafi na ya uchakataji, kisha ujumlishe. Kwa malighafi yetu itakuletea 400,000. Jibu likiwa na alama ya kutoa, maana yake viwango vimeshuka, na FIFO ndiyo itakayoacha salio dogo la mwisho.

Napenda hesabu hii kwa sababu inakuonyesha lini usihangaike. Ni mambo matatu yanayozidishana, na moja likiwa sifuri lote linakuwa sifuri. Hakuna sabuni iliyolala mwanzoni, hakuna tofauti. Hakuna iliyolala mwishoni, hakuna tofauti katika jumla, hata kama viwango vya kilo moja vinaonekana mbalimbali, maana fedha zote zimetoka. Bei haikubadilika, hakuna tofauti. Kiwanda cha maji ya chupa ambacho mitambo yake humaliza kila kitu kabla ya zamu kuisha hakina sababu ya kubishana kuhusu njia hizi. Kiwanda cha sabuni, cha ngozi, cha mvinyo, au kingine chochote ambacho bidhaa hulala siku au wiki, kinayo.

Tofauti hiyo pia haikai milele. Tuseme Juni kila kilichoanza kimemalizika na hakuna kilichobaki tangini. Fedha mpya za Juni ni zilezile kwa njia zote mbili, lakini FIFO imeingia Juni na salio la 10,600,000 na wastani umeingia na 10,190,000. Basi sabuni iliyotoka Juni itakuwa ghali zaidi kwa FIFO kwa shilingi 410,000 zilezile zilizopungua Mei. Miezi miwili ikijumlishwa, njia zote zimetoa jumla moja. Kwa hiyo anayekuambia kwamba FIFO inaongeza faida kila bei inapopanda amekueleza nusu ya jambo. Inaichelewesha gharama. Na hata hizo 410,000 haziendi moja kwa moja kwenye faida ya Mei. Sabuni imehamia idara ya kukata miche, kutoka huko iende ghalani, kisha kwa mteja. Ikiwa nusu yake bado iko ghalani tarehe 31, takriban nusu ya tofauti nayo iko ghalani.

Ikiwa vitabu vya mwaka vinaguswa kidogo hivi, kwa nini basi mtu ajali kuchagua? Kwa sababu wenye kiwanda hawasomi ripoti ya gharama kwa ajili ya vitabu tu. Wanaisoma ili wapange bei na wajue kama wasimamizi wanafanya kazi vizuri, na huko tofauti ni kubwa.

Mteja wa jumla anataka kilo 10,000 za Juni na anadai bei leo. Ofisi ya mauzo inachukua ripoti ya wastani na kuona gharama ya kuchemsha ni 2,990. Lakini 2,990 si gharama ya sabuni yoyote iliyochemshwa Mei. Imebeba kivuli cha mafuta ya Aprili yaliyonunuliwa kwa 2,000. Ikiwa bei za Mei zitaendelea, sabuni ya Juni itagharimu 3,100, na kiwanda kitakuwa kimetoa bei kwa msingi ulio chini kwa shilingi 110 kila kilo. Kwa kilo 10,000 hiyo ni shilingi 1,100,000, na hizo hazirudi mwezi unaofuata kama zile 410,000. Zimeondoka na mteja. Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwa anayetumia wastani vitabuni ni kwamba asiipeleke ofisi ya mauzo namba ya wastani peke yake. Aandike kando yake kiwango cha mwezi huu. Kukipata hakuhitaji kubadili mfumo: chukua gharama za mwezi, zigawe kwa kilo linganifu za wastani ukiwa umetoa kilo linganifu za mwanzo. Kwa malighafi ni 25,000 kutoa 5,000. Kwa uchakataji ni 22,000 kutoa 2,000.

Kwa wasimamizi mambo ni hayohayo kwa upande mwingine. Msimamizi wa Mei atapimwa kwa uchakataji wa 590 au wa 600? Hapa pengo ni shilingi 10 tu. Lakini fikiria mwezi ambao matangi yalilala yamejaa na mwezi wenyewe ulikuwa mfupi wa kazi. Fungu la sabuni ya zamani likiwa nusu, nusu ya uzembe au nusu ya juhudi ya mwezi huu itafichwa na mwezi uliopita. Msimamizi aliyepunguza matumizi ya kuni hataiona juhudi yake yote kwenye ripoti hadi mwezi wa pili, na kufikia hapo huenda aliyemrithi ndiye anayesifiwa. Kwa kupima watu, FIFO ndiyo yenye haki zaidi, nami sioni sababu ya kulainisha kauli hiyo.

Hata hivyo FIFO ina udhaifu ambao vitabu vingi huupitia haraka. Inahitaji ujue sabuni ya mwanzo ilikuwa imefika wapi. Wastani hauhitaji. Ukirudi juu utaona kwamba katika hesabu ya wastani ile asilimia 40 haikutumika popote. Ilitosha kujua salio la fedha. Kwenye FIFO ndiyo iliyotupa kilo linganifu 3,000 za kumalizia.

Na asilimia hiyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwa fundi anayechungulia tangi usiku wa mwisho wa mwezi na kusema "imefika kama nusu hivi". Tuseme alisema 40, na mwezi Mei tunagundua ilikuwa 60. Kazi ya Mei kwenye sabuni ya mwanzo inakuwa kilo linganifu 2,000 badala ya 3,000, jumla ya mwezi 19,000 badala ya 20,000, na shilingi 12,000,000 zilezile sasa zinatoa karibu 632 kwa kilo. Kwa ile 40 ya fundi, Mei ilionekana rahisi kwa shilingi 32 bila mtu yeyote kuokoa hata senti. Na kwa kuwa asilimia ya mwanzo wa Mei ndiyo asilimia ya mwisho wa Aprili, kosa la fundi lilikwishaharibu kiwango cha Aprili kwa upande wa pili. Wastani pia huumizwa na kosa hilo, kwa kuwa salio la Aprili liligawanywa vibaya, lakini huumizwa mara moja kupitia fedha. FIFO huumizwa mara mbili, kupitia fedha na kupitia kilo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua FIFO, nenda matangini. Ikiwa kazi ya kuchemsha ina hatua zinazoonekana, andika asilimia ya kila hatua mara moja kwa mwaka kwa kuzingatia saa na moto unaotumika: imeshikana, imetiwa chumvi, imeoshwa, inatulia. Fundi ataje hatua, si asilimia. Hatua hazibishaniwi. Ikiwa huwezi kufanya hivyo, na bei zako hazichezi sana, baki na wastani kwa moyo mweupe.

Kuna makosa mengine mawili ninayokutana nayo kwenye madaftari ya wanafunzi wanaojiandaa kwa mitihani ya NBAA na KASNEB, na yote yanajionyesha usipokuwa na haraka. La kwanza ni kuchanganya njia: fedha za mwanzo zinajumlishwa kama kwenye wastani, lakini kilo za mwanzo zinatolewa kama kwenye FIFO. Malighafi yetu ingekuwa 60,000,000 kwa 20,000, yaani shilingi 3,000. Tazama namba hiyo. Mafuta ya Aprili ni 2,000 na ya Mei ni 2,500, sasa mchanganyiko wake utakuwaje 3,000? Kiwango cha wastani lazima kikae kati ya kiwango cha zamani na kipya. Kikitoka nje ya hapo, juu au chini, rudi kwenye kilo.

La pili ni kumalizia sabuni ya mwanzo kwa asilimia iliyokwishafanyika badala ya iliyobaki. Mtu anazidisha kilo 5,000 kwa asilimia 40 na kuandika 2,000 mahali pa 3,000, na sabuni iliyotoka inapewa shilingi 1,200,000 badala ya 1,800,000 za umaliziaji. Jumla inakosa shilingi 600,000 ikiwa kiwango cha 600 kilipatikana sawasawa. Hatari zaidi ni pale anaporudia kosa hilohilo kwenye kiwango chenyewe: akigawa 12,000,000 kwa 19,000, jumla itakubali na kosa litajificha. Kwa hiyo jumla kukubali hakutoshi. Jaribu tena kwa njia ya kutoa: jumla ya wastani ukiondoa kilo linganifu za mwanzo lazima iwe sawa na jumla ya FIFO. Hapa 22,000 kutoa 2,000 ni 20,000, na yule wa 19,000 atanaswa hapo.

Idara ya pili nayo ina swali lake. Idara ya kukata miche inapokea sabuni ya Mei ikiwa na mafungu mawili ya bei, 2,556 na 3,100. Ukiyabeba mafungu hayo hadi idara ya tatu na ya nne, kila mwezi utazaa mafungu mapya na daftari halitasomeka. Kwa kawaida, hata kiwanda kinachofuata FIFO huihesabu sabuni yote iliyopokewa mwezi huo kwa bei moja, kwa mfano wetu 2,970 na senti 48, na zamu huzingatiwa ndani ya kila idara peke yake. Ni FIFO iliyolegezwa. Iandike wazi kwenye mwongozo wa hesabu wa kiwanda, ili mkaguzi asidhani umekosea.

Kuhusu ruhusa, Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 kinazikubali njia zote mbili. Kilichoondolewa na marekebisho ya mwaka 2003, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, ni ile ya cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Lakini kiwango hicho kinadai bidhaa za aina moja na matumizi yanayofanana zihesabiwe kwa kanuni moja. Huwezi kuchemsha sabuni ya kufulia tangi hili kwa FIFO na tangi lile kwa wastani kwa sababu tu bei imepanda. Na ukihama kutoka njia moja kwenda nyingine, hayo ni mabadiliko ya sera ya uhasibu: namba 8 inataka uwe na sababu ya kuonyesha kwamba taarifa zitakuwa za kuaminika na zenye manufaa zaidi, na urudi nyuma kurekebisha takwimu za mwaka uliopita. Ukitaka kuhama, zihesabu njia zote mbili sambamba kwa miezi michache kwanza. Kilo ni zilezile, hati ni zilezile, kinachoongezeka ni safu moja ya Ekseli, na salio la mwanzo utakuwa nalo kwa sura zote mbili siku mkaguzi atakapoliuliza.